Kelele Si Nguvu

Wako watu katika Kasulu na Kibondo, nao si wachache, wanaoamini kwamba dawa ya sauti mbaya ni mashine kubwa zaidi. Sauti ikikwaruza mkutanoni, kamati hukaa, michango hupitishwa, na mtu hutumwa Kigoma mjini au Mwanza kuleta amplifaya yenye wati nyingi kuliko ya kwanza. Baada ya miezi mitatu mashine mpya nayo inakwaruza, na kamati inakaa tena. Napinga imani hiyo, napinga pia biashara inayoilisha, na nitajitahidi kuipinga kwa hesabu ambayo mtu yeyote aliyemaliza shule ya sekondari anaweza kuifuata.

Msomaji asidhani kwamba ni jambo la starehe tu. Niliwahi kusikia kule Kibondo tangazo la chanjo ya watoto likitolewa kwa spika za honi siku ya gulio. Tarehe iliyotangazwa ilikuwa sita. Kina mama kadhaa walifika na watoto wao tarehe tisa, wakaambiwa wamechelewa, na mtoa huduma akawaambia kwamba wao ndio hawakusikiliza. Sasa hebu yatamke maneno hayo mawili: sita, tisa. Irabu zake ni zilezile, na zimepangwa vilevile. Kinachoyatenganisha ni mahali pa s na mahali pa t tu, yaani sauti mbili zilizo nyonge kuliko irabu. Mashine iliyozika s na t haikuwanyima kina mama wale sauti, maana sauti waliisikia tena kubwa mno. Iliwanyima tarehe.

Baadaye mashine ile ililetwa kwangu niiangalie. Ilikuwa ya transista, ya kutumia betri ya gari ya volti 12, na sandukuni iliandikwa wati 200. Nilipoifungua nilikuta kwamba fundi aliyetangulia ameongeza resista moja ndogo, ameichomelea sambamba na resista nyingine iliyokuwapo tangu kiwandani. Aliyeileta alisema kwa fahari, "Mzee, tangu fundi aiguse imekuwa na nguvu mara nne." Resista hiyo moja ndiyo kisa cha makala hii, lakini ili tuielewe hatuna budi kuanza na umbo la mashine yenyewe.

Amplifaya ingekuwa kamilifu kama ingezidisha kila kiingiacho kwa namba moja isiyobadilika. Ukichora mchoro, kiingiacho mlalo na kitokacho wima, ungepata mstari ulionyooka. Transista haifanyi hivyo. Mstari wake umepinda, kidogo katikati na zaidi karibu na ncha. Wahandisi huueleza mpindo huo kwa mfuatano wa vipeo: sehemu ya kwanza inafuata x, ya pili inafuata x kipeo cha pili, ya tatu x kipeo cha tatu, na kuendelea. Nitachukua namba nyepesi za kufanyia hesabu. Tuseme kiingiacho, x, kinapimwa kwa milivolti, na kitokacho, y, kwa volti, na mashine ikiwa uchi bila msaada wowote ina umbo hili:

y = x + 0.008x² − 0.0012x³

Sehemu ya kwanza ndiyo kazi tunayoitaka, kwamba milivolti moja itoke ikiwa volti moja, yaani ukuzaji wa mara 1000. Sehemu mbili zinazofuata ni mpindo.

Ingiza sasa mlio mmoja safi, tuseme wa hezi 1000, unaopanda hadi milivolti 10 na kushuka hadi milivolti 10 chini ya sifuri. Wimbi likizidishwa kwa lenyewe huwa chanya linapopanda na chanya vilevile linaposhuka, kwa hiyo linayumba mara mbili ndani ya muda wa yumbo moja. Ndipo hezi 2000 inapozaliwa, ambayo hakuna aliyeiimba. Hesabu ya kosini inasema kwamba kimo chake ni nusu ya 0.008 mara 100, yaani volti 0.4. Kipeo cha tatu nacho huzaa hezi 3000, kwa robo ya 0.0012 mara 1000, yaani volti 0.3. Tena robo tatu za kipeo hicho hurudi katika hezi 1000 yenyewe na kuipunguza, hivi kwamba badala ya volti 10 tunabaki na 9.1. Milio hii ya ziada ndiyo harmoniki.

Ile namba inayoandikwa masandukuni kwa herufi THD, yaani jumla ya upotoshaji wa harmoniki, hupatikana kwa kuzikusanya harmoniki zote kwa njia ya Pitagorasi, kisha kugawa kwa mlio wa asili. Mraba wa 0.4 na mraba wa 0.3 huleta 0.25, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.5. Gawa kwa 9.1, upate asilimia 5.5. Hakuna siri nyingine ndani yake.

Lakini tazama kinachotokea tukiteremsha sauti. Ingiza milivolti 5 badala ya 10. Harmoniki ya pili inashuka hadi robo, yaani volti 0.1, na ya tatu hadi sehemu moja ya nane, karibu volti 0.04, ilhali mlio wa asili umeshuka hadi karibu nusu tu. Upotoshaji sasa ni asilimia 2.2. Mashine ni ileile, siku ni ileile, na namba ni mbili tofauti. Kwa hiyo THD iliyoandikwa sandukuni bila kusema imepimwa kwa wati ngapi na kwa mlio wa hezi ngapi ni sawa na kumwambia mkulima kwamba gunia lina uzito wa hamsini, bila kusema ni kilo au ratili. Muuzaji akikuonyesha namba hiyo, muulize ilipimwa kwa nguvu gani. Akishindwa kujibu, usimlipe kwa ajili ya namba hiyo.

Sasa tuje kwenye mrejesho. Neno hili limechafuliwa na ule mluzi wa maikrofoni iliyosogezwa mbele ya spika, na watu wengi wakilisikia huziba masikio. Ule ni mrejesho chanya, ambapo kitokacho hurudi kikiongezea kiingiacho. Ninaouzungumzia ni mrejesho hasi, ambapo sehemu ndogo ya kitokacho hurudishwa ndani ya mashine na kutolewa kutoka katika kiingiacho. Aliyeubuni kwa ajili ya amplifaya alikuwa Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani. Mawazo yalimjia mwezi Agosti mwaka 1927 akiwa ndani ya kivuko cha mto Hudson akienda kazini, akayaandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Shida yake ilikuwa simu za masafa marefu: sauti ikipita katika amplifaya nyingi zilizofuatana, kila moja ikipotosha kidogo, mwisho maneno hayaeleweki.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme tunarudisha sehemu 19 katika kila 1000 za kitokacho. Mashine sasa haioni kiingiacho chenyewe, inaona tofauti kati ya kiingiacho na kile kilichorudi. Tuite kiingiacho s, na uchafu unaozaliwa na mpindo d. Basi:

y = 1000(s − 0.019y) + d

Peleka y zote upande mmoja, upate 20y = 1000s + d, yaani y = 50s + d/20. Ukuzaji umeshuka kutoka mara 1000 hadi mara 50, na uchafu nao umegawanywa kwa 20. Mtu atauliza: kama vyote viwili vimegawanywa kwa 20, faida iko wapi? Faida iko hapa. Ukuzaji uliopotea tunaurudisha kwa kuingiza milivolti 200 badala ya 10, kazi ambayo transista moja ndogo ya mbele huifanya bila jasho kwa sababu inashughulika na mawimbi madogo, na tumeshaona kwamba mawimbi madogo hupotoshwa kidogo. Kitokacho kimerudi kuwa volti 10. Lakini ndani ya mashine tofauti inayofika kwenye mpindo bado ni milivolti 10 zilezile, kwa hiyo d haikuongezeka. Sauti ni ileile kwa ukubwa, na uchafu ni sehemu moja ya ishirini.

Harmoniki ya pili, iliyokuwa asilimia 4 ya volti 10, sasa ni 0.2. Ya tatu, iliyokuwa 3, ilipaswa kuwa 0.15, ila hapa pana jambo dogo ambalo vitabu vya haraka hulificha. Harmoniki ya pili iliyorudishwa inapita tena katika mpindo, inachanganyika na mlio wa asili, na mchanganyiko huo huzaa harmoniki ya tatu ya nyongeza. Kwa namba zetu inafika 0.165 badala ya 0.15. Jumla yake kwa Pitagorasi ni kama asilimia 0.26. Tumetoka 5.5 hadi 0.26 kwa resista mbili ambazo bei yake haifikii ya kikombe cha chai.

Na hapa ndipo wanapojitokeza wapenzi wa muziki wanaodai kwamba mrejesho huharibu sauti, kwamba mashine bora ni ile isiyo nao. Nusu ya neno lao ni kweli, na ndiyo hiyo niliyokwisha kuitaja: mrejesho huzaa harmoniki ambazo hazikuwapo. Mhandisi Mwingereza Peter Baxandall alilionyesha jambo hili waziwazi mwaka 1978. Lakini alionyesha pia nusu ya pili, ambayo wao huiacha. Mrejesho kidogo ndio unaoziinua harmoniki za juu. Ukiongezwa vya kutosha, hizo nazo hushuka. Anayekataa mrejesho kwa sababu hiyo anafanana na mgonjwa aliyemeza robo ya dozi, akaona nafuu haikuja, akatupa dawa.

Turudi kwenye resista ya fundi wa Kibondo. Resista mbili za kiwandani zilikuwa zikigawanya kitokacho ili sehemu 19 hivi katika 1000 zirudi. Moja ilikuwa ya omu 10,000 na ya pili karibu omu 200. Yeye alichomelea ya omu 50 sambamba na hiyo ya pili, zikawa pamoja kama omu 40. Kilichorudi kikashuka hadi sehemu 4 katika 1000. Ukuzaji, badala ya 50, ukawa 200. Ndiyo ile "nguvu mara nne" iliyomfurahisha mwenye mashine. Na upotoshaji, kwa umbo tulilolichukua, ulipanda kutoka asilimia 0.26 hadi kama asilimia 1.

Mtu atasema asilimia moja si kitu, na mimi nitakubali. Hata asilimia 1 ya namna hii haiwezi kuifanya sita iwe tisa. Balaa iko kwingine. Betri ya volti 12, hata mashine ikiwa ya aina inayosukuma spika kutoka ncha zote mbili, inaweza kutoa kilele cha volti 12 tu, na transista zenyewe hula kama volti 2. Imebaki 10. Volti 10 za kilele katika spika ya omu 8 ni wati 6.25. Hiyo ndiyo nguvu ya mashine ile, na maandishi ya wati 200 sandukuni hayaongezi hata moja. Resista ya fundi haikugusa kikomo hicho. Sauti ya mtangazaji iliyokuwa ikiingia kwa milivolti 200 na kutoka volti 10, sasa inadai volti 40 katika mashine yenye 10. Inakatwa kichwa na miguu. Wimbi la mviringo linakaribia kuwa la mraba, na wimbi la mraba kamili lina upotoshaji wa asilimia 48.

Wala mrejesho hausaidii hapo, na hili ni jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Kile kigawanyo cha 20 kilitoka kwenye ukuzaji wa ndani. Wimbi likishagonga kikomo, kuongeza kiingiacho hakuongezi kitokacho, yaani ukuzaji wa wakati huo ni sifuri, na kigawanyo kinakuwa 1. Mrejesho unaona kosa lakini hauna mkono wa kulisahihisha. Na kila saa inavyopita betri inachoka. Ikishuka hadi volti 10.5, kilele kinakuwa 8.5 na wati zinakuwa 4.5, kwa hiyo sauti iliyokuwa safi saa nane mchana inakwaruza saa kumi na mbili jioni bila mtu kugusa kitu.

Nitende haki. Msikilizaji aliyekaa peke yake mahali pa kimya anaweza kuyaelewa maneno yaliyokatwa vibaya, kwa kuwa harmoniki ni mara kamili za mlio wa asili na haziondoi kupanda na kushuka kwa sauti. Ndiyo maana kina mama walimtambua mtangazaji, hata wakajua kwamba anasema Kiswahili na si Kiha. Lakini gulio si mahali pa kimya. Upepo unaingia katika maikrofoni, jenereta inanguruma karibu, na mngurumo huo mzito unatosha kuisukuma mashine hadi kikomo. Sauti nyonge ya s, ambayo imepanda juu ya wimbi hilo kama mtoto mgongoni, inakatwa pamoja na kilele kilichoibeba. Zaidi ya hapo, milio miwili ikipita pamoja katika mpindo huzaa jumla yao na tofauti yao, nayo si harmoniki ya yeyote kati yao, na namba ya THD iliyopimwa kwa mlio mmoja haiitaji kabisa.

Basi kabla kamati haijapitisha mchango mwingine, na ijaribu kitu kisichogharimu shilingi. Teremsha sauti hadi nusu. Ukwaruzaji ukitoweka ghafula, mashine ilikuwa inagonga kikomo: punguza kiingiacho, pima betri, sogeza maikrofoni mbali na jenereta. Ukipungua polepole, ni mpindo, na fundi aangalie resista za mrejesho kama zingali zile za kiwandani. Ukizidi kusikika kadiri unavyoteremsha, basi transista mbili za mwisho zinaachiana pengo wimbi linapovuka sifuri, ugonjwa ambao mfuatano wetu wa vipeo vitatu hauwezi kuueleza, kwa sababu kona si mpindo. Hapo mrejesho husaidia kidogo tu, maana ndani ya pengo ukuzaji ni mdogo. Dawa ni kurekebisha mkondo wa kupumzika wa transista hizo. Na kama haubadiliki hata kidogo, fungua spika. Mrejesho huchukuliwa kwenye waya za kutokea za mashine, na hauna habari na utando uliochanika huko nje.

Fundi aliyechomelea ile resista simwiti mwizi. Aliambiwa mashine haisikiki, akaifanya isikike, akalipwa. Ninaowalaumu ni wale wanaompa kazi kwa kipimo cha kelele, wanaosimama nyuma ya uwanja na kupiga kelele "Ongeza!" wakati mtangazaji ameshakuwa haeleweki. Niliitoa resista ile ya omu 50 nikamkabidhi mwenye mashine mkononi, nikamwambia aweke spika ya pili upande wa pili wa gulio badala ya kulazimisha moja. Alinung'unika kwamba sasa nguvu imepungua. Nikamjibu kwamba wati zake ni zilezile sita na robo alizotoka nazo dukani, na kwamba kuanzia sasa s itabaki s.